Fomu ya kazi inauliza kama nimewahi kutiwa hatiani, hukumu yangu ni ya zamani. Naandikaje?

katoni_mbili
Wakuu salama. Naomba msaada kabla ya Ijumaa maana fomu inarudi Ijumaa.

Nilikuwa na miaka 22 nafanya kazi ghala la kampuni fulani zamu ya usiku. Nikasaini hati ya kutoa mzigo ikiwa na katoni mbili ambazo hazikuwemo kwenye oda, jamaa yangu dereva akaondoka nazo, tukagawana. Nikakamatwa, nikakiri, hukumu ikawa kifungo cha nje miezi 6 na kurudisha thamani ya mzigo. Nikamaliza yote. Hiyo ni 2013. Tangu hapo sijawahi hata kuitwa polisi kuulizwa jina.

Sasa nimeomba kazi ya mtunza stoo msaidizi kampuni kubwa kidogo na fomu inauliza hivi, nanukuu: "Je, umewahi kutiwa hatiani na mahakama kwa kosa la jinai? Kama ndiyo, eleza." Chini yake kuna mistari mitatu tu. Mitatu wakuu. Miaka 11 naiingizaje kwenye mistari mitatu? Niandike "ndiyo, nitaeleza kwenye usaili" au nimwage yote?

Kimya Kimya
Weka hapana uendelee na maisha yako. Miaka 11 nani anafukua kaburi? Kifungo cha nje hukulala hata siku moja ndani, hiyo siyo kufungwa.

saba_saba
Mkuu usijitese, ikipita miaka 7 kosa dogo linafutika lenyewe kwenye rekodi. Kwa hiyo ukisema hapana hujadanganya. Nina uhakika.

Mama Faili
Nimekaa ofisi ya ajira miaka 19, nimesoma fomu hizi mpaka nikavaa miwani. Naanza na hao wawili hapo juu kabla mtoto wa watu hajapotea.

Kimya Kimya, swali halijauliza kama amefungwa. Limeuliza kama ametiwa hatiani. Amekiri mbele ya hakimu na amepewa adhabu, hiyo ni kutiwa hatiani hata kama adhabu yenyewe ingekuwa kufagia uwanja. Ingekuwa alikamatwa akaachiwa, au alishtakiwa kesi ikafutwa, hapo angejibu hapana na angekuwa mkweli kabisa. Watu wanachanganya hayo matatu kila siku, wengine wanajitangazia makosa ambayo hata mahakama haikuwapa.

saba_saba, hiyo saba yako umeisikia vibaya. Marekani kuna sheria inayozuia kampuni za kukagua watu kuripoti habari ya mtu kukamatwa ikishapita miaka 7, lakini hukumu yenyewe haimo kwenye kizuizi hicho, inaweza kuripotiwa hata baada ya 20. Uingereza ndiyo wana sheria tangu 1974 kwamba hukumu ndogo ikipitisha muda wake unaruhusiwa kujibu kama vile haipo, na hata huko kazi za watoto na wagonjwa hazimo. Kwingine rekodi inakaa mpaka uombe mwenyewe iondolewe. Kwa hiyo asimame kwenye sheria ya anapoishi, siyo kwenye namba ya kijiweni.

saba_saba
Sawa mama lakini nilikuwa karibu.

Soga Tupu
Karibu kama aliyekosa basi kwa siku mbili 😂

Mjomba wa Geti
Nakazia kuhusu kusema hapana. Pale ninapofanya kazi kuna kijana aliweka hapana, akafanya kazi vizuri tu, mwezi wa tano majibu ya ukaguzi yakarudi. Kosa lenyewe lilikuwa ugomvi wa ujanani, meneja akasema wazi kwamba kwa kosa lile angemchukua. Ila mwisho wa fomu kuna sentensi "nathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli" na saini yake. Akaondoka kwa hiyo saini, ugomvi wala haukutajwa kwenye barua ya kumwachisha.

Kimya Kimya
Na wangapi waliweka hapana na hawajajulikana mpaka leo? Hao hawaji kusimulia hapa. Nyie mnahesabu walionaswa tu.

Mjomba wa Geti
Hapo sina jibu, ni kweli.

Zena_K
Pole kaka. Mdogo wangu alishtakiwa kwa deni, je na yeye aandike? Maana aliyemkopesha alimpeleka mahakamani akaamriwa alipe kidogo kidogo.

Mama Faili
Zena hiyo ni madai, siyo jinai. Kama fomu inauliza jinai haimhusu. Asome swali neno kwa neno.

katoni_mbili hebu tuwekee hapa unachotaka kuandika, halafu tukichambue. Na kabla hujaandika lolote, je unayo nakala ya hukumu mkononi?

katoni_mbili
Asante mama. Nakala sina, lakini nakumbuka vizuri kila kitu. Rasimu yangu ya barua ya kuambatanisha hii hapa:

"Mwaka 2013 nikiwa kijana mdogo nilipitia kipindi kigumu. Mwajiri wangu alikuwa anachelewesha mishahara na mama yangu alikuwa mgonjwa. Rafiki yangu niliyemwamini alinishawishi. Kutokana na presha ya kazi za usiku nilijikuta nimesaini hati yenye makosa na mzigo ukatoka. Baadaye kukatokea kutoelewana na uongozi na suala likafika mahakamani. Kwa kuwa sikuwa na wakili nilikubali. Nilipewa adhabu ndogo na nikaimaliza. Ni jambo ninalolijutia sana. Nimejifunza mengi na sasa ni mtu tofauti. Namshukuru Mungu. Naomba mnipe nafasi."

Soga Tupu
"Nilijikuta nimesaini" 😂😂 mkono ulitoka wenyewe ukaenda kusaini ukarudi. Na mimi nilijikuta nimekula nyama yote nyumbani, mke wangu hajaelewa mpaka leo.

Mama Faili
Soga anacheka lakini kagusa penyewe. Lugha yetu ina mlango wa nyuma wa kumtorosha mtenda. "Nilijikuta nimesaini", "mzigo ukatoka", "kukatokea kutoelewana", "suala likafika mahakamani". Kauli nne na hakuna hata moja ambayo wewe umefanya kitu. Msomaji wa ajira huenda asijue sarufi ila atanusa kwamba mtu amejificha. Sema "nilisaini nikijua katoni mbili hazimo kwenye oda". Inauma kuiandika, naijua, ila ukishaiandika hamna tena kitu mtu anaweza kukufichulia.

La pili, hesabu sentensi zako. Ziko 11. Saba za kwanza ni za wakati ule, ya nane ni majuto, na zilizobaki ni za sasa lakini hazina kitu cha kushika. "Nimejifunza mengi" yapi? "Mtu tofauti" kwa lipi? Mimi ninayesoma siwezi kuipigia simu "nimejifunza". Nataka kitu ambacho nikitaka kukihakiki nitakihakiki.

La tatu, hayo ya mishahara kuchelewa na ugonjwa wa mama. Inawezekana ni kweli tupu. Lakini mwajiri akisoma anajiuliza hivi: kwetu mshahara ukichelewa siku tatu je? Kila sababu ya nje unayoitaja inakuwa mtego, kwa sababu ikijirudia naye kosa linarudi.

Bawabu Mstaafu
Hapo kwenye sababu mama sikubaliani nawe kabisa. Mimi nimesimamia stoo, nimeajiri watu wa namna hii wawili. Mtu asiponiambia kwa nini alifanya nitaijaza mwenyewe ile nafasi, na nitajaza mbaya zaidi. Bora sentensi moja ya sababu iliyo ndani yake mwenyewe, mfano "nilikuwa na deni na niliona ni rahisi kwa sababu usiku hakuna aliyekuwa anahakiki". Hiyo inaonyesha anajua mlango ulikuwa wapi.

Mama Faili
Ya ndani sawa, hiyo nakubali. Ya nje ndiyo nakataa.

Nyota ya Jioni
Naomba niweke yangu maana suala la nakala ya hukumu mmelipita haraka. Mimi kosa langu lilikuwa la miaka ya nyuma sana, tulipigana kwenye sherehe. Kwenye fomu nikaandika "ugomvi mdogo wa kawaida" kwa sababu ndivyo nilivyoukumbuka, na mtu wenyewe tulishapatana na alikuja hadi kwenye harusi yangu. Rekodi ilipotoka imeandikwa shambulio la kudhuru mwili. Dada wa ajira akaniita akaweka karatasi mbili mezani, yangu na ya polisi, akanyamaza. Nilieleza nusu saa nzima ila nikaona usoni mwake kwamba kila nikieleza nazidi kuwa mwongo. Sikuipata kazi. Yaani nilisema ukweli na bado nikaonekana nimedanganya, kwa sababu ya jina la kosa tu.

Kaka nenda kachukue karatasi kwanza.

katoni_mbili
Nimekwenda jana na leo. Ilichukua muda ila mahakamani wamenitolea nakala. Na wakuu nimeshtuka. Kwanza kosa limeandikwa "wizi kazini", mimi nilitaka kuandika "hati yenye makosa". Pili, yalikuwa mashtaka mawili, la pili lilikuwa kughushi na liliondolewa, mimi hata sikumbuki lilisomwa. Tatu, tukio ni Novemba 2013 lakini hukumu ni Februari 2014. Ningeandika 2013 kwa moyo mweupe kabisa.

Mama Faili
Ndiyo maana nilikuuliza. Andika 2014 maana swali linauliza hukumu, na tumia jina la kosa kama lilivyo hapo, usilitafutie jina la nyumbani. La kughushi liliondolewa, kwenye fomu usilitaje, hukutiwa hatiani nalo. Ila ulijue, ili siku wakikuuliza usitoe macho.

Sasa niambie ya tangu 2014. Bila majuto, nipe kazi.

katoni_mbili
2014 hadi 2018 nilikuwa utingo kwenye malori ya mizigo, kazi ya stoo hakuna aliyenipa. 2018 mpaka leo niko kwa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya umeme, nilianza kubeba, tangu 2020 nashika funguo za stoo. Mzee anajua, nilimwambia mwenyewe mwezi wa kwanza. Tunahesabu stoki kila mwisho wa mwezi na mtu mwingine ndiye anasaini pamoja na mimi.

Halafu kuna hili, sijui kama lina maana. 2021 nilikuta katoni tatu za balbu zimepungua kwenye hesabu yangu mwenyewe. Sikulala. Asubuhi nikamwandikia mzee kabla hajafungua hata duka, kumbe mwenzangu alizihesabu rafu nyingine. Lakini ile karatasi nilimwandikia na anayo.

Bawabu Mstaafu
Unauliza kama lina maana!! Hilo ndilo barua yenyewe. Mtu aliyewahi kuiba akipungukiwa na mzigo ana kila sababu ya kuficha maana atashukiwa yeye wa kwanza, na wewe ulikimbilia kuandika. Liweke.

Kimya Kimya
Mimi nisingeliweka. Unawatia kichwani picha ya mzigo kupungua ukiwa zamu. Msomaji mvivu atakumbuka "katoni tatu zilipungua" na kusahau mwisho wake.

Mjomba wa Geti
Kwa mara ya kwanza leo Kimya Kimya kaongea pointi.

Mama Faili
Kweli ni hatari kwenye maandishi. Mimi ningeibakiza kwa ajili ya usaili, ambapo unaweza kuisimulia mpaka mwisho. Bawabu naona atakataa.

Bawabu Mstaafu
Nakataa.

katoni_mbili
Nimejaribu tena. Mistari mitatu ya fomu:

"Ndiyo. Februari 2014, wizi kazini: kifungo cha nje miezi 6 na kurudisha thamani ya mzigo, vyote nilimaliza. Sijatiwa hatiani tena tangu hapo. Maelezo yako kwenye barua niliyoambatanisha."

Na barua:

"Novemba 2013 nikiwa karani wa ghala nilisaini hati ya kutoa mzigo nikijua katoni mbili hazimo kwenye oda, nikagawana mzigo huo na dereva. Nilikuwa na deni, na nilijua usiku hakuna anayehakiki hati. Nilikiri mahakamani, nikamaliza adhabu na kulipa mzigo wote. Tangu 2018 nafanya kazi ya vifaa vya umeme na tangu 2020 nashika funguo za stoo. Nilimweleza mwajiri wangu kuhusu hukumu hii mwezi wa kwanza wa kazi. Hesabu ya stoki tunaifanya kila mwisho wa mwezi na kusaini watu wawili. Sisaini hati ya mzigo ambao sijauona kwa macho, wa mtu yeyote. Mwajiri wangu yuko tayari kuulizwa."

Zena_K
Hii nimeisoma mara moja nikaelewa. Ile ya kwanza nilidhani ulikosea kujaza fomu ukafungwa.

Mama Faili
Hii napokea. Bado moja: huyo mzee unayemweka kama mdhamini, ataandika nini? Barua inayosema "namfahamu ni kijana mwaminifu" haina uzito hapa, kwa sababu mwajiri mpya hajui kama mzee anajua. Aandike sentensi moja kwamba anafahamu kuhusu hukumu ya 2014, na akijua hivyo bado alikupa funguo 2020. Nimeshawahi kumpigia mdhamini, nikamtajia hukumu, simu ikawa kimya, halafu akasema "hukumu gani?" Pale pale mdhamini akageuka kuwa shahidi wa upande wa pili.

Mjomba wa Geti
Nyongeza. Kosa na kazi vinagusana mno hapa, wizi wa ghalani na unaomba ghala. Ingekuwa ugomvi ungesamehewa kirahisi. Mimi ningejitolea mwenyewe: nisimamiwe miezi 6 ya kwanza, nisitoe mzigo bila saini ya pili.

Bawabu Mstaafu
Hapana aisee. Ukiomba ulindwe unawaambia hujiamini. Stoo yoyote nzuri ina saini mbili tayari, kwa kila mtu. Aulize utaratibu wao ukoje, aseme ndivyo alivyozoea, basi.

Mjomba wa Geti
Na stoo mbaya je? Wewe unafikiri zote ni kama yako.

Soga Tupu
Wazee wa stoo wameanza kuhesabiana rafu.

katoni_mbili
Wakuu nimerudi. Samahani nilipotea wiki mbili. Fomu na barua nilipeleka kama ilivyo hapo juu, mzee akaandika kama mama alivyosema. Katoni za balbu sikuziandika. Wameniita jana.

Nilijiandaa kusema kwa kifupi, nilijipima nikikaa na saa ya simu mkononi, kama dakika moja na nusu hivi. Yule mama wa ajira hakuniuliza kabisa ilikuwaje. Akasema "barua nimeisoma, inaeleweka". Halafu meneja wa ghala aliyekuwa kimya muda wote akaniuliza: "Yule dereva, leo yuko wapi?"

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema ukweli kwamba yuko mji huo huo, bado anaendesha, tunasalimiana njiani lakini hatuna biashara, na kwamba aliwahi kuja stoo ninapofanya kazi sasa kuchukua mzigo wa tajiri wake, nikamwita mwenzangu ahakiki na kusaini yeye. Meneja akaandika kitu. Kirefu kidogo. Nikamsimulia na ya balbu, akaitikia kwa kichwa tu. Wakasema watapiga.

Kimya Kimya
Ungesema hujui aliko.

Bawabu Mstaafu
Ungesema hujui ungekuwa umekwisha. Swali lile ni la mtu wa stoo kweli kweli. Mzigo hautoki kwa mtu mmoja, lazima kuwe na wa ndani na wa nje. Anataka kujua wa nje bado yupo au hayupo. Jibu lako mimi limenitosha.

Mama Faili
Mimi nimelisoma tofauti. Naona alikuwa anaangalia kama utamtupia dereva lawama. Barua yako ilibeba kosa yote, akataka kuona ukiulizwa mdomoni utabeba hivyo hivyo au utaanza "yeye ndiye aliyenishawishi". Hukumtupia.

Nyota ya Jioni
Au alimjua huyo dereva.

Mjomba wa Geti
Kha! Hiyo sikuifikiria.

katoni_mbili
Nyota usinitishe, bado sijapigiwa simu.

saba_saba
Siku ya saba watapiga.

Soga Tupu
Huyu na saba yake 😂

katoni_mbili
Leo ni ya tano. Mzee ndiye kapigiwa, asubuhi, na meneja wa ghala mwenyewe, siyo ajira. Wameongea dakika kumi. Nimemuuliza alisema nini, mzee kaniambia nenda kahesabu stoki.